Mega zako zimeenda wapi? Kufuata forfe ya mwezi hadi dakika iliyokufa

Nina kabini pembeni ya soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Ninauza unite, ninatuma pesa, na karibu kila siku mtu ananiwekea simu mezani akisema mega zake zimeibwa. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kuna saa iliyopita, au kuna mfuko ulioisha na simu ikaendelea kula kwenye mfuko mwingine. Hayo mawili yanaonekana kwenye mesaji za simu yenyewe ukijua pa kuangalia.

Nitafuata kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja anauza samaki, wateja wake wanaagiza kwa WhatsApp. Alikuja tarehe 2 Aprili: "Mutoto yangu, mega yangu iko wapi? Nililipa na pesa yangu. Jana nilikuwa na giga mbili na kitu, leo nimetia unite, forfe inakataa, na unite nazo zimepungua!" Nikamwambia, "Mama, tusiguse kitu. Tufungue mesaji kwanza."

Hatua ya 1: zima data kabla ya kutafuta

Hili ndilo la kwanza hata kama una haraka. Forfe ikiisha, mitandao mingi haikati intaneti. Inaendelea kukuhudumia kwa bei ya kawaida ya nje ya forfe, na bei hiyo inatoka kwenye unite zako. Bei ya nje ya forfe ni kubwa kuliko ya ndani. Kila dakika unayolalamika huku data imewashwa, unite zinaendelea kushuka.

Hatua ya 2: elewa kwamba laini yako ina mifuko mingi

Upande wa kampuni, namba yako haina salio moja. Kuna mfuko mkuu wa unite, halafu kila forfe uliyonunua ina mfuko wake wenye kiasi chake na tarehe yake ya kufa. Bonasi ina mfuko wake. Mega za usiku zina wake. Ukinunua giga 5 zenye bonasi ya giga 2 za usiku, menyu inaweza kukuonyesha 7 Go, lakini saa nne asubuhi zinazofanya kazi ni 5 tu.

Kuna pia utaratibu wa mfuko upi uliwe kwanza. Kawaida ni ule unaokufa mapema, lakini kampuni ndiyo inayopanga. Kama una forfe mbili, jipime: andika salio la kila mfuko, tazama video ya dakika chache, angalia tena. Uliopungua ndio unaotangulia. Nimeona kijana aliyekuwa na forfe ya mwezi akaongeza ya siku moja, kumbe ya mwezi ndiyo iliyoliwa, na ya siku ikafa haijaguswa.

Hatua ya 3: tafuta mesaji ya ununuzi na usome saa, si tarehe peke yake

Mesaji inakuwa na umbo kama hili:

```
Forfait 5 Go active. Valable jusqu'au 02/04 09:40.
```

Watu wanasoma 5 Go na 02/04, halafu wanaacha 09:40. Saa hiyo ndiyo iliyomponza mama wetu. Alinunua tarehe 3 Machi saa tatu na dakika 40 asubuhi. Siku 30 za forfe yake zilihesabiwa kwa saa, yaani saa 720 tangu dakika ya ununuzi, kwa hiyo zilikwisha tarehe 2 Aprili saa ile ile. Yeye alidhani ana siku nzima ya tarehe 2.

Forfe nyingine hazihesabu hivyo. Zinakufa usiku, na mesaji inaandika 23:59. Forfe ya siku moja ya aina hii ukiinunua saa mbili usiku, unapata saa nne tu za matumizi. Ndiyo maana usiniulize "ya siku moja inakaa muda gani" bila kunionyesha mesaji.

Halafu kuna jambo la saa yenyewe. Nchi yetu ina saa mbili: Lubumbashi, Goma na Bukavu tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukitaka kujua mtandao wako unafuata saa gani, nunua forfe ya saa 24, kisha linganisha muda ambao mesaji imeingia kwenye simu na muda ulioandikwa ndani yake. Mesaji ikiingia 10:40 na ndani imeandikwa hadi kesho 10:40, unafuata saa ya hapa. Ikiandikwa 09:40, ni saa ya Kinshasa, na una dakika 60 zaidi ya unavyodhani. Kwa mama, saa zililingana, hivyo 09:40 ilikuwa ya hapa hapa.

Hatua ya 4: panga mesaji kwa dakika

Chukua karatasi. Za mama zilipangika hivi. Saa 9:40 forfe ilikufa ikiwa na giga 2,1. Saa 9:52 alitia unite 1000, ambayo ndiyo bei kamili ya forfe yake. Data ilikuwa imewashwa, na kundi la wauzaji wenzake lilikuwa linamwaga picha za samaki na video. Saa 10:05 aliingia kwenye menyu, ikamjibu "Solde insuffisant". Tukaangalia mfuko mkuu: 957. Picha zilikuwa zimekula unite 43 kwa dakika 13, kwa bei ya nje ya forfe. Akaongeza 50, zikawa 1007, na saa 10:15 forfe ikakubali, zikabaki 7.

Kwa hiyo alipoteza vitu viwili kwa sababu mbili tofauti. Giga 2,1 zilikufa kwa saa. Unite 43 ziliuzwa kwa bei ya kawaida. Ukivichanganya huwezi kulalamika vizuri, wala huwezi kujilinda.

Kujilinda na lile la pili ni rahisi: zima data, tia unite, nunua forfe, ngoja mesaji ya kuthibitisha, ndipo uwashe. Kwa mpangilio huo.

Kama karatasi yako haifungi hesabu, kuna sababu nyingine chache za kutazama: deni la unite ulizokopeshwa, ambalo hukatwa mara tu unapotia nyingine, huduma ya mesaji za mpira au nyimbo inayojirudia kila wiki, au simu iliyokamata mtandao wa Zambia ulipokuwa Kasumbalesa, ambako forfe ya hapa kwa kawaida haifanyi kazi. Wapo bado wanaosema ni RAM. Ile tozo ya simu ilianza 2020 na ikaondolewa 2022, tusiitafute tena hapo.

Hatua ya 5: jua sheria ya mabaki kuvuka

Hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Wanasikia kwamba mega zilizobaki zinavuka kwenda mwezi mwingine, wanadhani zinavuka zenyewe. Hazivuki. Kwa forfe zinazoruhusu, kawaida lazima ununue tena kabla ya dakika ya kufa, na lazima iwe forfe ya aina ile ile au inayotajwa kwenye masharti. Bonasi na mega za usiku mara nyingi hazimo. Ukitimiza hayo, mabaki yanachukua tarehe ya forfe mpya.

Mama alichelewa dakika 35. Angenunua jioni ya tarehe 1 Aprili, angekuwa na giga 7,1 hadi jioni ya tarehe 1 Mei. Lakini asinunue mapema mno pia. Siku 30 mpya huanza kuhesabiwa siku unaponunua, hivyo angefanya hivyo tarehe 25 Machi angetupa siku nane alizokwisha kulipia. Jioni ya siku moja kabla inatosha. Baada ya kununua, angalia salio papo hapo: likisoma 5 Go badala ya 7,1, mabaki hayakuvuka au yamekaa mfuko wake na tarehe ya zamani. Fungua mfuko kwa mfuko uone, ungali na usiku mzima wa kuyatumia.

Hatua ya 6: kabla ya kuokoa mabaki, uliza kwa nini yapo

Nilimfanyia mama hesabu hii na akanyamaza kidogo. Alinunua giga 5, zikabaki 2,1. Maana yake kwa siku 30 alitumia 2,9, karibu mega 97 kwa siku. Mwezi ujao akivusha mabaki ataanza na 7,1, atatumia karibu 3, zitabaki 4,2. Ukifuata, ataanza na 9,2. Rundo linakua, na kila mwezi lazima alipe forfe kamili ili rundo lisife. Siku atakapokosa pesa kwa wakati, litakufa lote kwa pamoja.

Kuvuka kwa mabaki kunamfaa mtu ambaye mwezi mmoja anatumia kidogo na mwezi unaofuata anatumia sana, kama mwanafunzi wa UNILU kati ya likizo na mitihani. Kwa anayetumia sawasawa kila mwezi, dawa ni forfe ndogo. Usikisie: kwenye simu fungua "Paramètres", kisha "Utilisation des données", weka mzunguko uanze siku uliyonunua, usome jumla mwezi ukiisha. Hesabu ya simu na ya kampuni zinaweza kupishana kidogo, ila tofauti ya giga nzima haitokani na hilo.

Hatua ya 7: kulalamika kwa ushahidi

Ikiwa mesaji zinaonyesha ulinunua kabla ya saa na mabaki hayakuvuka, au unite zimekatwa huku data imezimwa, piga picha ya skrini ya mesaji ya zamani, ya mpya, na ya salio. Nenda kwenye ofisi ya mtandao wako na kitambulisho, uombe orodha ya makato ya siku ile kwa saa na dakika. Usiseme "mega zimepotea". Sema "saa 9:20 nilinunua, saa 9:21 salio lilisoma hivi". Andika namba ya malalamiko watakayokupa. Wakikaa kimya, msimamizi wa simu nchini ni ARPTC, na karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka.

Mama hakuwa na kesi ya namna hiyo. Tuliweka kengele kwenye simu yake kwa tarehe 1 Mei saa moja jioni, tukazima picha na video kujipakua zenyewe kwenye WhatsApp. Tarehe hiyo alikuja na simu imezimwa data, salio la 2,3 Go. Akaniuliza bei ya giga 3.