Kuandikia msambazaji barua pale bei ya ankara inapotofautiana na kotesheni

Ninashughulikia ununuzi wa mkandarasi mdogo hapa Kisumu, na barua ninayoiandika mara nyingi kuliko zote ni ile ya kupinga bei. Mfano nitakaoutumia ni wa ndoo 60 za rangi nyeupe ya ndani, za lita 20 kila moja, tulizoagiza kwa msambazaji mmoja wa Nakuru. Kotesheni yake ya tarehe 3 Machi ilisema Sh5,800 kwa ndoo, VAT ikiwa ndani, na kwamba bei hiyo ingedumu siku 30. Mzigo ulifika tarehe 8 Aprili pamoja na ankara ya Sh6,380 kwa ndoo.

Hatua ya kwanza: linganisha karatasi kabla ya kuandika neno lolote

Tandaza mezani kotesheni, oda yako ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo na ankara yenyewe, kisha usome mstari kwa mstari. Hakikisha ni bidhaa ile ile, ujazo ule ule na idadi ile ile, kwa sababu mara nyingine bei imepanda kwa kuwa aliyeagiza alibadilisha aina ya rangi kwa simu bila kumwambia mtu wa ofisini.

Baada ya hapo, gawanya bei ya ankara kwa bei ya kotesheni. Ukipata 1.16 kamili, karibu kila mara msambazaji ameongeza VAT ya asilimia 16 juu ya bei ambayo wewe uliielewa kuwa imeshaijumuisha, na mjadala wenu utakuwa juu ya maneno ya kotesheni: je, ilisema VAT imo, haimo, au ilinyamaza? Kotesheni iliyonyamaza ni silaha dhaifu. Kwetu hesabu ilikuwa hivi:

```
6,380 / 5,800 = 1.10
60 x 6,380 = 382,800
60 x 5,800 = 348,000
tofauti    =  34,800
```

Hiyo ni nyongeza ya asilimia 10 juu ya bei, haikuhusiana na kodi.

Hatua ya pili: tafuta tarehe ambayo bei ilifungwa

Hapa ndipo wengi huteleza. Msambazaji wetu alipopigiwa simu alisema kwamba bei ilipanda tarehe 1 Aprili na kwamba siku 30 za kotesheni zilikuwa zimekwisha mzigo ulipopakiwa. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini hayakumsaidia. Siku 30 zile ni muda wa mnunuzi kuagiza. Hazikuwa muda wa lori kufika Kisumu. Oda yetu, yenye bei ya Sh5,800 imeandikwa wazi, ilitumwa tarehe 24 Machi, na kesho yake muuzaji wao alijibu kwa barua pepe: "Tumepokea oda, tutapakia." Jibu hilo fupi ndilo lililofunga bei, na barua yangu nzima ilisimama juu yake.

Kwa hiyo, usiitegemee kotesheni peke yake. Kotesheni hueleza bei ambayo msambazaji yuko tayari kuuza. Mapatano hukamilika oda yenye bei inapokubaliwa. Soma pia maandishi madogo chini ya kotesheni. Maneno kwamba bei zinaweza kubadilika bila taarifa humpa nafasi ya kubadilisha kabla hajakubali oda. Lakini ikiwa imeandikwa kwamba bei itakayotumika ni ile ya siku ya kupakia, naye akakubali oda kwa masharti hayo, ana hoja ya kweli, na ni afadhali uombe kupunguziwa kuliko kudai haki.

Hatua ya tatu: andika barua yenyewe

Iandikie idara ya uhasibu, maana muuzaji aliyekupa bei kwa kawaida hana uwezo wa kurekebisha ankara, ila mpe nakala. Taja nambari za hati, tarehe, kiasi kinachopingwa na kile unachotaka kifanyike. Usimtuhumu kwa udanganyifu. Mara nyingi karani alichukua tu bei mpya iliyokuwa kwenye kompyuta, na barua yenye tuhuma hupelekwa kwa mkurugenzi ambako hulala wiki tatu. Hii ndiyo tuliyotuma tarehe 9 Aprili, nikiwa nimeondoa majina na nambari; eTIMS inayotajwa humo ni mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA:

> Kwa Mhasibu,
>
> KUH: BEI KATIKA ANKARA NAMBARI ____ YA TAREHE 8 APRILI
>
> Tumepokea ndoo 60 za rangi zikiwa kamili na katika hali nzuri. Hata hivyo, ankara inaonyesha Sh6,380 kwa ndoo, ilhali kotesheni yenu ya tarehe 3 Machi na oda yetu ya tarehe 24 Machi, mliyoikubali tarehe 25 Machi, zinaonyesha Sh5,800, VAT ikiwa ndani. Tofauti ni Sh34,800.
>
> Kwa kuwa oda ilikubaliwa kabla ya kotesheni kuisha muda na kabla ya bei kupanda, tunaomba mtoe krediti noti ya Sh34,800 kupitia eTIMS, ikitaja nambari ya ankara hii. Sh348,000 ambazo hatuna ubishi nazo tutazilipa siku ya malipo kama tulivyoafikiana.
>
> Tutashukuru kupata jibu lenu kufikia tarehe 16 Aprili. Nakala za hati zote nne zimeambatishwa.

Sentensi inayokiri kwamba mzigo ulifika salama huonyesha kwamba hukatai deni, na ile ya kulipa kiasi kisicho na ubishi humwondolea msambazaji sababu ya kukusimamishia mikopo. Unapolipa, andika kwenye maelezo ya malipo nambari ya ankara na kwamba ni malipo ya sehemu isiyopingwa. Kama hati ya kupokelea mzigo ina bei, mwombe mtunza stoo aandike karibu na sahihi yake kwamba amethibitisha idadi tu.

Hatua ya nne: usikubali kurekebishiwa kwa mdomo

Jibu la kwanza tulilopata lilikuwa, "Tutawapunguzia kwenye mzigo ujao." Nililikataa kwa upole. Ankara ya eTIMS ikiisha kutumwa KRA, haiwezi kusahihishwa kwa kalamu. Hupunguzwa kwa krediti noti. Bila hiyo, vitabu vyetu vingeonyesha ununuzi wa Sh382,800 wenye VAT ya Sh52,800, ilhali tulilipa Sh348,000 ambazo VAT yake ni Sh48,000. Sheria ya VAT humpa msambazaji miezi sita tangu kutoa ankara kutoa krediti noti, isipokuwa kama kuna kesi mahakamani, kwa hiyo ahadi ya mzigo ujao inaweza kukupitisha muda huo bila wewe kujua.

Krediti noti ikifika, skani msimbo wake wa QR kwa simu, kisha uangalie mambo mawili: nambari ya ankara ya awali iwe ndiyo, na kiasi kiwe kimegawanywa sawasawa. Yetu ilipaswa kuonyesha Sh30,000 za bidhaa na Sh4,800 za VAT. Ya kwanza waliyotuma ilikuwa na Sh34,800 bila VAT yoyote, tukairudisha siku hiyo hiyo.