Kuingia kwenye Raspberry Pi isiyo na skrini ukiwa kwenye chumba cha kupanga

Wengi wetu huku ughaibuni tunaishi chumba kimoja, hatuna nafasi ya skrini ya ziada wala kibodi ya pili. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi haivihitaji. Laptopu yako inatosha, ila kila kitu ambacho Pi itahitaji kujua lazima kiandikwe kwenye kadi ya SD kabla hujaiwasha. Ikishawaka na haijui jina la waifai yako, huna mlango wa kuingilia.

Tuchukue Raspberry Pi Zero 2 W, kwa sababu ndiyo inayosumbua zaidi: haina tundu la kebo ya mtandao, na waifai yake inashika GHz 2.4 tu. Ruta ikirusha GHz 5 peke yake, Pi haitaiona kamwe, hata nywila iwe sahihi namna gani.

Pakua programu ya kuandikia kadi, Raspberry Pi Imager, toleo jipya kwenye laptopu, chagua aina ya Pi yako na mfumo wa Raspberry Pi OS Lite, kisha nenda kwenye sehemu ya mipangilio kabla ya kuandika kadi. Hapo jaza jina la mashine (mimi natumia `mtumishi`), jina la mtumiaji na nywila, jina la waifai na nywila yake, halafu washa SSH, njia ya kuiamuru Pi ukiwa kwenye laptopu. Sehemu ya nchi ya waifai watu huiruka. Weka nchi unayoishi sasa, si uliyotoka: chaneli ya 12 na ya 13 zinaruhusiwa Ulaya, lakini Marekani kwa kawaida hazitumiki. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 13 na Pi inaamini iko Marekani, haitaiona.

Ukikuta maelekezo ya zamani mtandaoni, yatilie shaka. Mtumiaji `pi` mwenye nywila `raspberry` aliondolewa mwaka 2022, na lile faili la waifai, `wpa_supplicant.conf`, lililokuwa likiwekwa kwenye kadi halifanyi kazi tena tangu toleo la Bookworm la 2023.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mtandao wenyewe. Waifai ya hosteli au ya jengo mara nyingi hukufungulia kwanza ukurasa wa kuingia kwenye kivinjari, na Pi haina wa kuubofya. Hata ikipita, mitandao mingi ya aina hiyo huzuia vifaa visionane. Kwa hiyo anza na hotispoti ya simu, uiweke kwenye GHz 2.4, na uiunganishe laptopu kwenye hotispoti hiyohiyo.

Chomeka kadi, washa Pi, kisha uiache dakika kadhaa. Mara ya kwanza inapanua nafasi kwenye kadi na kujiwasha upya, na taa ya kijani humetameta bila mpangilio. Ikimetameta mara saba, ikatulia, ikarudia vilevile, haijapata kiini cha mfumo: andika kadi upya. Kisha kwenye laptopu fungua dirisha la amri:

```
ssh asha@mtumishi.local
```

Badala ya `asha` weka jina la mtumiaji ulilojaza, na badala ya `mtumishi` jina la mashine yako. Mara ya kwanza utaulizwa kama unaiamini mashine hiyo; andika `yes`. Nywila haitaonekana unapoiandika, hata nyota hazitokei, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ikikataa, soma jibu lenyewe kabla ya kugusa kitu. `Could not resolve hostname` maana yake laptopu haijaipata mashine yenye jina hilo. Angalia kwenye simu kama Pi imeorodheshwa kati ya vifaa vilivyounganishwa. Ikiwepo, zima VPN ya laptopu, au tumia anwani yake ya namba badala ya jina. Isipokuwepo, tatizo ni waifai, basi rudi kwenye Imager. `Connection refused` ni habari nzuri kidogo: Pi iko hewani, ila SSH haijawashwa. Zima umeme, rudisha kadi kwenye laptopu, weka faili tupu linaloitwa `ssh` kwenye sehemu ndogo ya kadi inayofunguka kwenye laptopu, faili lisilo na `.txt` mwishoni. `Permission denied` ni jina au nywila tu, mtandao hauna kosa.

Ukiandika kadi upya, laptopu itapiga kelele kwamba utambulisho wa mashine umebadilika. Ni kweli umebadilika, kwa sababu mfumo ni mpya. Futa kumbukumbu ya zamani, uingie tena:

```
ssh-keygen -R mtumishi.local
```

Ukishaingia, usizoee kuizima kwa kuchomoa waya, kwani kadi inaweza kuharibika katikati ya kuandikwa. Andika `sudo poweroff`, subiri taa ya kijani itulie, ndipo uchomoe.