Kupanga fakitire zisizolipwa kwa umri wa deni: siku 30, 60 na 90 kwenye Excel

Mwongozo huu ni wa duka au kampuni ndogo inayouza kwa mkopo. Mfano wangu ni duka la vifaa hapa Lubumbashi linalouzia wakandarasi wa migodi, kwa dola, na muda wa kulipa siku 30. Ripoti tunaifunga tarehe 30/06/2025. Fakitire za faranga ziweke kwenye karatasi yake peke yake, usizichanganye.

Hatua ya 1: jedwali la madeni. Ita karatasi `Deni`. Kila fakitire ipate mstari mmoja: A mteja, B namba, C tarehe ya kuanza kuhesabu, D tarehe ya mwisho ya kulipa, E kiasi, F kilichokwisha lipwa, G baki, H siku za kuchelewa, I kundi. Tarehe ya ripoti iandike kwa mkono kwenye L1. Usiweke `AUJOURDHUI()`, maana ukifungua faili wiki ijayo ripoti itakuwa imebadilika na bosi ana karatasi nyingine mkononi.

Safu ya C ndiyo inayoleta ugomvi. Mkandarasi mkubwa hahesabu tangu siku uliyoandika fakitire, anahesabu tangu siku ofisi yake ilipoigonga muhuri wa kupokea. Kama mmekubaliana hivyo, weka tarehe ya muhuri.

Hatua ya 2: fomula. Hizi ni za Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo:

```
D2: =C2+30
G2: =E2-F2
H2: =$L$1-D2
I2: =SI(H2<=0;"Bado";SI(H2<=30;"Siku 1-30";SI(H2<=60;"Siku 31-60";SI(H2<=90;"Siku 61-90";"Zaidi ya 90"))))
```

Mkataba ukisema siku 30 kisha mwisho wa mwezi, D2 inakuwa `=FIN.MOIS(C2+30;0)`. Neno "Siku" kwenye majina ya makundi usilitoe: ukiandika 1-30 tupu kwenye seli, Excel inaigeuza kuwa tarehe.

Sasa tumwangalie mteja mmoja. Fakitire 014 ya 12/02 ilikuwa dola 1,800, akalipa 600. Muda uliisha 14/03, imechelewa siku 108, baki 1,200. Fakitire 031 ya 20/04, dola 2,400, imechelewa siku 41. Fakitire 047 ya 25/05, dola 950, imechelewa siku 6 tu. Fakitire 052 ya 10/06, dola 700, muda wake bado.

Ungehesabu tangu tarehe ya fakitire, hiyo 047 ingeonekana ina siku 36 na 031 ingekuwa na 71. Zote mbili zingeruka kundi moja mbele, na ungempigia simu kwa ukali mtu aliyechelewa siku sita.

Hatua ya 3: muhtasari. Kwenye karatasi ya pili, wateja washuke safu ya A, majina ya makundi yakae mstari wa 1, yaandikwe sawasawa na yale ya fomula:

```
=SOMME.SI.ENS(Deni!$G:$G;Deni!$A:$A;$A2;Deni!$I:$I;B$1)
```

Hatua ya 4: linganisha na akaunti 411. Hapa ndipo makosa yanapojitokeza. Jumla ya makundi yote lazima ilingane na salio la wateja kwenye vitabu, siku ileile. Ikipungua, kwanza tafuta `#VALEUR!` kwenye safu ya H. Mara nyingi mtu ameandika tarehe kwa nukta, 25.05.2025, Excel haikuitambua, na muhtasari umeuacha mstari huo kimyakimya.

Kwa mteja wetu makundi yanatoa dola 5,250, lakini 411 inaonyesha 4,250. Ile 1,000 ni pesa iliyoingia banki bila namba ya fakitire. Iongezee mstari wake: E sifuri, F 1,000, ili G iwe -1,000. Lakini angalia: C ikibaki tupu, Excel inahesabu kama tarehe ya 1900 hivi, na kile kiasi hasi kinaangukia "Zaidi ya 90", kinapunguza deni la zamani bila mtu kuamua. Kwa hiyo futa fomula ya I kwenye mstari huo, andika "Haijagawanywa", na uipe safu yake kwenye muhtasari.

Usiikate tu kwenye fakitire ya zamani zaidi. Muulize mteja kwa maandishi alikuwa analipa ipi. Akijibu ni 014, ongeza 1,000 kwenye F ya mstari huo na ufute mstari wa muda. Jumla inabaki 4,250, ila deni la zaidi ya siku 90 linashuka kutoka 1,200 hadi 200. Akijibu ni 031, ile 1,200 inabaki palepale, na hiyo ndiyo ya kufuatilia wiki hii.