Gharama Halisi ya Kununua kwa Awamu Marekani: Namna ya Kuisoma Kabla ya Kukubali

Ukinunua kitu mtandaoni au dukani Marekani siku hizi, mara nyingi namba inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya awamu: dola 117 kwa mwezi, au dola 25 kila wiki mbili. Namba hiyo inakusaidia kujua kama mshahara utatosha mwezi huu. Bei haimo humo. Bei ni pesa zote zitakazotoka kwako tangu siku ya kununua mpaka awamu ya mwisho, na kwa mikopo mingi ya aina hii mkopeshaji analazimika kukuandikia jumla hiyo kabla hujakubali. Sheria inayomlazimisha ni ya tangu mwaka 1968, na ukurasa wa kuutafuta una kichwa kinachosomeka Truth in Lending Disclosure. Kwenye simu hujificha nyuma ya kiungo kidogo karibu na kitufe cha kukubali. Ufungue.

Ndani yake utakuta visanduku vinne. Amount Financed ni kiasi unachokopeshwa. Finance Charge ni gharama ya kukopa kwa dola, yaani riba pamoja na ada za mkopo. Total of Payments ni jumla ya awamu zote. APR ni gharama hiyo hiyo ikielezwa kama asilimia kwa mwaka. Kama ulitoa kianzio, kwa kawaida hakimo kwenye Total of Payments, kwa hiyo kiongeze mwenyewe.

Chukua kompyuta ya dola 1,200, kodi ya mauzo ikiwa ndani, kwa miezi 12 na APR ya asilimia 30. Awamu inakuwa karibu dola 117 kwa mwezi, na jumla ni kama dola 1,404. Umelipa dola 204 zaidi. Hapo muuzaji anaweza kukwambia kwamba nyongeza ni asilimia 17 tu, na hesabu yake itakuwa sawa: 204 kwa 1,200 ni asilimia 17. Lakini ni mkopo ule ule wa asilimia 30. Hukai na dola 1,200 za watu mwaka mzima. Kila mwezi unarudisha sehemu, na riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua. Kwa hiyo usilinganishe asilimia ya mdomoni ya duka moja na APR ya duka jingine.

Hata APR peke yake haitoshi. Kompyuta hiyo hiyo kwa APR ya asilimia 20, ila kwa miezi 24, ina awamu ya dola 61 hivi, na wengi wataona huo ndio mpango wa nafuu. Riba yake ni kama dola 266. Asilimia imeshuka, awamu imeshuka, na bado umelipa zaidi kwa sababu umekaa na deni muda mrefu. Soma Finance Charge ya kila mpango kwa dola, kisha ndipo uamue.

Kuna jambo moja ambalo visanduku hivyo havikuonyeshi waziwazi. Ikiwa bei ya kompyuta na kodi yake ni dola 1,200 lakini Amount Financed imeandikwa 1,349, kuna kitu kimeingizwa humo, mara nyingi dhamana ya ziada ya matengenezo au bima ya mkopo. Bidhaa kama hizo zikiwa za hiari kwa kawaida hazihesabiwi kwenye APR, ndiyo maana APR inaweza kuonekana nzuri huku jumla imepanda. Omba mchanganuo uitwao Itemization of Amount Financed, na ukikuta kitu hukukiomba, waambie wakitoe kabla ya kusaini.

Mpango unaoumiza zaidi ni ule wa kadi za duka, hasa kwenye fanicha, matairi, vifaa vya umeme na matibabu ya meno. Tangazo lake husema No interest if paid in full within 12 months, yaani hakuna riba ikiwa utamaliza deni lote ndani ya miezi 12. Neno la kuangalia ni if, yaani ikiwa. Riba inahesabiwa tangu siku ya kununua na kuwekwa kando. Ukimaliza deni lote ndani ya muda inafutwa, lakini ukibakiza hata dola chache unabandikwa yote ya nyuma. Anayejiepusha na riba kwa ajili ya dini naye ajue kwamba mkataba huu unayo ndani yake tangu mwanzo.

Tuseme umenunua makochi ya dola 1,200 kwa mpango huo, riba ya asilimia 30, ukawa unalipa dola 95 kila mwezi. Baada ya miezi 12 umelipa 1,140, umebakiza 60. Utaongezewa zaidi ya dola 200 juu ya hizo 60, kwa sababu riba ya miezi yote iliyopita imeamka. Kinachowaponza watu ni kiwango cha chini cha malipo kinachoandikwa kwenye bili. Mara nyingi ni kidogo mno kumaliza deni kwa wakati, na anayelipa hicho tu bila kuchelewa hata mara moja anajiona yuko salama.

Dawa yake ni hesabu ndogo. Tafuta kwenye bili tarehe ambayo muda wa ofa unakwisha, halafu hesabu ni bili ngapi zina tarehe ya kulipa kabla ya siku hiyo. Ofa ya miezi 12 inaweza kukupa bili 11 tu. Basi gawa 1,200 kwa 11, upate dola 109 na senti, na ulipe 110 kila mwezi. Kama ofa imeandikwa 0% APR bila neno if, hiyo kwa kawaida ni tofauti: muda ukiisha, riba inaanza kwenye salio lililobaki, hairudi nyuma.

Mipango ya awamu nne kila baada ya wiki mbili mara nyingi haina vile visanduku kabisa, kwa kuwa sheria ile ya 1968 hugusa mikopo yenye gharama ya kukopa au yenye awamu zaidi ya nne. Ukilipa kwa wakati, ni bure kweli. Ila angalia ada ya kuchelewa. Viatu vya dola 100: unalipa 25 papo hapo, zilizobaki kwa wiki sita. Ukichelewa mara moja na ada ikawa dola 8, gharama hiyo ni sawa na APR ya karibu asilimia 139, maana ulikuwa na deni la wastani wa dola 50 kwa siku 42. Na kama awamu inakatwa yenyewe kwenye akaunti isiyo na kitu, benki nayo inaweza kutoza ada yake, ambayo kwa baadhi ya benki hufika dola 35. Panga tarehe za kukatwa zifuate siku ya mshahara, na kama mshahara huingia mara moja kwa mwezi, mpango wa kila wiki mbili haukufai.

Ukirudisha bidhaa, awamu hazisimami zenyewe. Zinaendelea mpaka duka limjulishe mkopeshaji. Mwandikie mkopeshaji siku hiyo hiyo kupitia programu yake, uambatanishe risiti ya kurudisha na namba ya kufuatilia kifurushi, na uulize kwa maandishi kama awamu inayofuata itakatwa.