Bei moja au ufundi na vifaa? Amua kabla hujafungua simu

Kijana aliyefungua meza yake ya ufundi simu karibuni aliniuliza kwa nini anashinda na kazi lakini kodi ya fremu inamshinda. Nilimwomba daftari. Kila kazi, kuanzia kioo hadi simu zilizoingia maji, alikuwa ameikatia bei moja isiyobadilika kabla ya kuifungua. Nilichomwelekeza ndicho hiki.

1. Jua saa yako ina thamani gani. Jumlisha kodi, umeme, leseni na kipato chako cha mwezi, kisha gawa kwa saa ambazo mkono uko kwenye kazi, si saa ambazo duka liko wazi. Tuseme jumla ni shilingi 900,000 na saa za kazi halisi ni 120. Saa moja ni 7,500.

2. Jiulize: naweza kuutaja ubovu kabla ya kufungua? Ukiweza, kata bei moja. Kioo kilichopasuka na betri iliyovimba havina fumbo. Usipoweza, toza ufundi na vifaa, yaani saa ulizotumia pamoja na vifaa ulivyoweka. Mafundi friji nao wana mtego huohuo: kujaza gesi kunaonekana kazi ya bei moja, ila gesi haipungui bila kuvuja mahali, na kutafuta panapovuja ndiyo kazi yenyewe.

Kutochaji ni ubovu unaodanganya. Mteja atakwambia ni tundu la chaji, nawe utavutwa kutaja bei. Chomeka kwanza mita ndogo ya yuesibii. Ikisoma sifuri, badili waya, kisha safisha tundu kwa kijiti cha meno. Ikianza kuvuta umeme vizuri, ilikuwa vumbi. Ikibaki sifuri na simu imezima kabisa, usitaje bei ya tundu. Huenda ni bodi.

3. Bei moja iwe na akiba ya hasara. Kioo umenunua 60,000. Kama kwa kila vioo kumi unavyopachika salama unapasua kimoja, ongeza 6,000 kwa kila kioo. Boda ya kukifuata 4,000, gundi 1,000, kazi ya dakika 40 ni 5,000. Jumla 76,000. Taja 85,000, maana mteja atapunguza tu, na usishuke chini ya 76,000.

4. Ufundi na vifaa: weka mlango na dari. Hapa ndipo daftari la kijana lilipovuja, kwa hiyo soma polepole.

Usimwambie mteja unatoza kwa saa. Atakuona unavuta muda. Mwambie mambo mawili: hela ya kupima, inayolipwa kabla ya kufungua na isiyorudi, na kiasi ambacho hutakivuka bila kumpigia. Mimi husema hivi: "Dada, kupima ni elfu kumi. Ikipona, hiyo imo ndani ya hesabu. Sitapita elfu arobaini bila ruhusa yako." Asiyetaka kulipa ya kupima mwache aende, huyo hata ukiitengeneza atakuja kuichukua baada ya miezi.

Chukua simu iliyoingia maji na haiwaki. Chomoa betri, safisha bodi kwa spiriti safi, iache ikauke. Weka maltimita kwenye mlio na uguse chanya na hasi za soketi ya betri upande wa bodi. Ikilia, geuza ncha. Ikilia tena, laini kuu ina shoti. Ingiza umeme kwa pawa saplai ukianzia volti 1, panda taratibu bila kuzidi volti ya betri, na kipande kinachopata moto ndicho mhalifu. Mara nyingi ni kapasita. Tuseme umemaliza kwa saa 2: ufundi 15,000, vifaa 3,000, jumla 18,000. Alishatoa 10,000, anabakiza 8,000.

Lakini simu ikiwaka, maiki haisikii. Usiendelee kimyakimya. Hiyo ni kazi nyingine. Mpigie, mpe hesabu mpya, aamue. Na kama kilichopata moto ni aisii ya pawa, simama hapo hapo, maana bei yake na hatari ya kuitoa vinaweza kuzidi thamani ya simu.

Jambo jingine ambalo halina mjadala kwangu ni risiti. Andika: "Imeletwa imezima. Kamera, maiki, spika havikupimwa." Bila mstari huo, kila kitakachokutwa kibovu kitaitwa chako. Daftari la karatasi lenye nakala ya kaboni lanitosha. Programu za simu sizitaki, mteja hawezi kuzitia saini mbele yangu.

5. Dhamana ifuate aina ya bei. Kazi ya bei moja ipe dhamana kwa kifaa ulichoweka. Simu ya maji usiipe. Kutu inaweza kuendelea chini ya aisii nyingine hata kama leo inawaka. Mwambie hivyo kabla hajalipa, na akiwa na bahati ya simu kuwaka, ahamishe picha na namba zake siku hiyohiyo.