Kukata kofia ya kihenge cha bati: hesabu ya ubavu wa pia na ubavu wa silinda

Mahindi yakishaanza kukauka huku Mbozi na Mbeya Vijijini, oda za vihenge vya bati huongezeka, maana dumuzi hamsubiri mtu. Kihenge kina mwili wa silinda na juu yake kofia yenye umbo la pia, yaani duara chini na ncha juu. Mwili hausumbui fundi yeyote. Kofia ndiyo inayoharibu bati, na mara nyingi chanzo ni kwamba mtu amepima urefu usio wake. Nitatumia kihenge kimoja tu chenye kipenyo cha sentimita 70 na mwili wa sentimita 120. Kofia yake inapanda sentimita 12 katikati, ili mvua isituame juu.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Ukikata silinda wima na kuikunjua unapata mstatili. Upande mmoja ni mzingo, upande mwingine ni kimo. Nusu ya kipenyo ni sentimita 35, basi mzingo ni 2 × 22/7 × 35, yaani sentimita 220. Bati bapa la futi 8 kwa 4 lina takriban sentimita 244 kwa 122, kwa hiyo linatosha na akiba ya mkunjo inabaki. Eneo la ubavu ni 220 × 120, sawa na sentimita za mraba 26,400.

Ishike hiyo 220. Tutaihitaji tena kwenye kofia.

Hatua ya 2: Tafuta mshazari

Kofia ina urefu wa aina mbili. Kuna kimo, ambacho ni sentimita 12 zinazopanda wima katikati, mahali ambapo hakuna bati lolote, ni hewa tupu. Halafu kuna mshazari, yaani umbali wa kutoka nchani hadi ukingoni ukifuata mteremko wa bati lenyewe. Unachokata ni mshazari.

Kwa kikokotoo: 35 × 35 ni 1,225; 12 × 12 ni 144; jumla ni 1,369, na kipeuo chake cha pili ni 37. Kama huna kikokotoo, tumia kona ya bati ambayo haijakatwa. Weka alama sentimita 35 kwenye ukingo mmoja na sentimita 12 kwenye ukingo wa pili, kisha nyoosha tepu kati ya alama hizo mbili. Itasoma 37. Mimi hufanya hivi hata nikiwa na simu mfukoni, kwa sababu kona ya bati la kiwandani ina pembe mraba na haikosei tarakimu.

Hatua ya 3: Eneo la ubavu wa kofia

Kanuni ni π × nusu kipenyo × mshazari. Kwetu ni 22/7 × 35 × 37, sawa na sentimita za mraba 4,070.

Inatoka wapi? Chora mistari mingi kutoka nchani kwenda ukingoni. Umeigawa kofia kuwa pembetatu nyembamba, kila moja ikiwa na urefu wa mshazari, na vitako vyake vyote vikiunganishwa vinakamilisha mzingo wa 220. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara urefu, kwa hiyo zote kwa pamoja ni nusu ya 220 mara 37. Silinda yenye mzingo huohuo na kimo cha sentimita 37 ingekuwa mstatili mzima wa 220 × 37, yaani 8,140. Kofia yetu ni nusu yake kamili.

Lakini hiyo nusu inapatikana pale tu *mshazari* wa pia unapolingana na kimo cha silinda. Wanafunzi wengi wa ufundi hulinganisha kimo kwa kimo, ndipo mambo yanapovurugika. Silinda yenye kimo cha sentimita 12 ina ubavu wa 220 × 12, yaani 2,640. Kofia yetu ina kimo hichohicho, na inakula 4,070! Mteja akikuuliza, "Fundi, kofia fupi hivi imemalizaje bati?" mwoneshe hesabu hiyo. Kofia ikiwa bapa, mshazari unakaribia nusu kipenyo hata kimo kikipungua kabisa, na eneo haliwezi kushuka chini ya duara la mdomo wa kihenge, ambalo hapa ni 3,850. Umbo la pia huzidi silinda ya kimo sawa kila mshazari wake unapopita mara mbili ya kimo. Kwa nusu kipenyo cha 35, hali hiyo ipo kwa kofia yoyote inayopanda chini ya sentimita 20 hivi.

Umbo la pia likichongoka, picha hubadilika. Tuseme mtu anataka faneli ya kushushia mahindi yenye kipenyo hichohicho cha 70 na kimo cha sentimita 84. Mshazari ni 91, eneo ni 10,010. Silinda ya kimo cha 84 ina 18,480. Hapo faneli imezidi nusu kidogo tu.

Hatua ya 4: Chora na kata

Piga alama ya msumari katikati, funga waya usiovutika, chora duara la nusu kipenyo 37. Nje yake chora la pili la 39. Hizo sentimita 2 ni za kukunjia kwenye ukingo wa mwili.

Sasa pima sentimita 220 juu ya duara la 37, ukifuata upinde wake. Duara zima lina karibu sentimita 232.6, kwa hiyo kipande cha kuondoa kina upinde wa sentimita 12.6 tu. Ni rahisi kupima hicho kidogo kuliko kuzunguka kote. Kata kuelekea katikati, lakini upande mmoja acha sentimita 2 za mkunjo.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kupima 220 kwenye duara la nje la 39. Kofia itatoka na kipenyo cha sentimita 66 na kitu, haitafunika. La pili ni kuruka kwa rula ya sentimita 30 iliyonyooka. Rula inakata njia ya mkato ndani ya upinde, na kila ruko linakuachia karibu milimita 9 zisizohesabiwa. Maruko 7 yanazidisha upinde kwa sentimita 6.

Kabla ya kugonga mkunjo, shikilia kofia kwa koleo, iweke juu ya meza na upime kimo. Kikiwa 8 au 9 badala ya 12, upinde uliobaki ni mrefu mno, na kofia itacheza juu ya mwili. Vuta bati lipandiane zaidi. Kikizidi 12 kwa wazi, umeondoa kipande kikubwa, na hapo hakuna dawa ila bati jingine.

Hatua ya 5: Kununua bati

Usinunue kwa 4,070. Kofia hukatwa kwenye mraba wa sentimita 78 kwa 78, ambao ni 6,084, na pembe zake ni vipande vya kutengenezea vishikio. Mwili umemaliza bati moja karibu lote. Bati la pili linatoa miraba mitatu ya 78 kwa urefu wake: mmoja kofia, mmoja kitako, na wa tatu unasubiri kihenge kinachofuata. Kwa hiyo ukipata oda ya vihenge vitatu, nunua mabati matano, si sita.