Kusoma grafu ya fanksheni ya vipande kutoka kwenye picha: thamani za mpakani na mwendelezo

Mwongozo huu umetokana na swali la mwanafunzi wa kidato cha sita aliyenitumia kwa simu picha ya grafu ya fanksheni yenye vipande vinne, akitaka kujua thamani zake kwenye mipaka ya vipande na kama inaendelea kwenye mipaka hiyo. Kanuni ya mwendelezo alikuwa anaijua vizuri. Kilichomkwamisha ni picha yenyewe. Kwa hiyo nitapita haraka palipo rahisi, na kukaa zaidi pale ambapo majibu ya wengi huharibikia, yaani kwenye nukta na viduara vya mipakani.

Grafu yenyewe ilikuwa hivi. Inaanzia kwenye nukta iliyojazwa (−4, −1) na kupanda kwa mstari mnyoofu hadi kiduara kitupu (−1, 2). Kipande cha pili ni mkunjo unaoanza kwa nukta iliyojazwa (−1, 1), unashuka hadi (0, 0), kisha unapanda hadi kiduara kitupu (2, 4). Kutoka kwenye kiduara hicho hicho, mstari mnyoofu unashuka hadi (4, 2), ambapo grafu inapiga kona na kwenda kimlalo hadi kiduara kitupu (6, 2). Zaidi ya hayo, ipo nukta moja iliyojazwa, imekaa peke yake, kwenye (2, 1).

Hatua ya 1: Picha na skeli

Omba picha itumwe kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha ya kawaida na kufifisha alama ndogo. Soma skeli ya kila mhimili peke yake. Hesabu vyumba vya karatasi ya grafu, wala usipime kwa rula juu ya kioo cha simu, kwani picha iliyopigwa kwa upande hufanya vyumba vya mbali vionekane vidogo kuliko vya karibu.

Hatua ya 2: Tambua nukta iliyojazwa na kiduara kitupu

Hapa ndipo penye kazi. Nukta iliyojazwa inasema kwamba grafu inafika mahali hapo na kwamba urefu wake ndio thamani ya fanksheni. Kiduara kitupu kinasema kwamba grafu inapakaribia mahali hapo bila kupafika. Katika kitabu kilichochapwa vizuri tofauti hii huonekana mara moja, lakini katika picha ya karatasi iliyotolewa kopi mara kadhaa, wino hutambaa ndani ya kiduara na katikati yake hubaki rangi ya kijivu isiyosema lolote.

Kuza picha, kisha tafuta kwanza alama ambayo haina shaka, kwa mfano nukta ya mwanzo wa grafu, na uilinganishe na ile unayoitilia shaka katika picha hiyo hiyo. Kama katikati ya alama ya pili kuna weupe wowote ambao ya kwanza haina, basi ni kiduara kitupu. Usilinganishe na alama za picha nyingine, kwa kuwa mwanga na unene wa kalamu havifanani.

Baada ya macho, tumia kanuni ya mstari wima: kwa kila thamani ya x, fanksheni haiwezi kuwa na thamani zaidi ya moja. Kwenye x = −1 kuna alama mbili, moja juu ya nyingine. Zote mbili zikionekana nyeusi, basi moja umeisoma vibaya, na huna haja ya kuendelea mpaka ujue ni ipi. Naomba sana usikisie kwa mazoea kwamba kipande cha kulia ndicho chenye nukta iliyojazwa. Mtunzi wa swali yuko huru kuweka alama upande wowote. Rudi kwenye karatasi ya asili, au tafuta alama za < na ≤ kama swali limetoa fomula. Bila kimojawapo, jibu la uaminifu ni kwamba picha haitoshi kutoa f(−1).

Zote mbili zikiwa tupu, hilo linawezekana: maana yake ni kwamba fanksheni haina thamani pale.

Nukta iliyo peke yake, kama (2, 1), mara nyingi hudhaniwa kuwa doa la wino na kuachwa. Angalia kama iko sawasawa kwenye mstari wima wa kiduara kitupu. Hapa iko chini ya kiduara cha (2, 4), kwenye mstari huo huo, hivyo ndiyo inayobeba thamani ya f(2). Na mahali pasipo na alama yoyote, kama kona ya (4, 2), grafu inapita kawaida, na f(4) = 2.

Hatua ya 3: Andika namba tatu kwa kila mpaka

Kwa kila mpaka andika kikomo cha kushoto, kikomo cha kulia na thamani yenyewe. Napendelea kutumia kipande cha karatasi kuliko programu yoyote: simamisha ukingo wake wima kwenye x = −1, funika upande wa kulia, kisha fuata kwa kidole sehemu inayobaki hadi ukingoni. Kidole kinaishia kwenye urefu wa 2. Funika kushoto, na kidole kinaishia kwenye 1. Katika hatua hii kiduara kitupu kina haki sawa na nukta iliyojazwa, kwani kikomo hutazama mahali grafu inapoelekea, hata kama haifiki.

Kwa x = −1: kushoto 2, kulia 1, thamani 1.
Kwa x = 2: kushoto 4, kulia 4, thamani 1.
Kwa x = 4: kushoto 2, kulia 2, thamani 2.

Hatua ya 4: Amua

Fanksheni inaendelea kwenye mpaka pale tu namba zote tatu zinapolingana. Kwenye x = −1 vikomo viwili vinatofautiana, hivyo kuna mruko, ingawa kwa upande wa kulia peke yake inaendelea. Kwenye x = 2 vikomo vinakubaliana kuwa 4 lakini thamani ni 1; mkatiko huu ungeweza kuzibwa kwa kuhamishia nukta kwenye 4, jambo lisilowezekana kwenye mruko. Kwenye x = 4 inaendelea. Wengi huikataa kwa sababu ya kona, lakini kona huathiri utofautishaji, si mwendelezo.

Kwenye x = −4 kuna upande wa kulia tu, nao unalingana na thamani, −1. Kwenye x = 6 fanksheni haina thamani, hivyo usiandike f(6) = 2.

Hatua ya 5: Hakiki kwa fomula, kama ipo

Unene wa mstari unaweza kuficha pengo dogo, hivyo fomula ikitolewa, yenyewe ndiyo yenye neno la mwisho. Katika Desmos andika:

```
f(x)={-4<=x<-1: x+3, -1<=x<2: x^2, x=2: 1, 2<x<4: 6-x, 4<=x<6: 2}
```

Usiamue kwa kutazama mchoro wake, kwa sababu Desmos haichori yenyewe viduara vya mipakani. Andika f(-1), f(2) na f(4) kwenye mistari tofauti usome majibu: 1, 1 na 2. Ukiandika f(6) utapata `undefined`.